Wajibu wa kampuni kwa jamii au ukuu wa wanahisa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoandika insha ya hoja

Maswali haya nimeyaokota kwa wanafunzi ninaowasahihishia insha. Hurudi kila muhula, mengine kwa maneno yale yale. Kila jibu linajitosheleza, na jambo lililokwisha kuelezwa kwingine nimeelekeza huko kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ubishi wenyewe uko wapi hasa?

Wengi huingia wakidhani ni ubishi kati ya wachoyo na wakarimu. Ukiuanza hivyo umeshapotea, kwa sababu hakuna atakayesimama upande wa uchoyo na insha yako itakosa mpinzani.

Ubishi unahusu mamlaka. Wakurugenzi wanaendesha kampuni kwa fedha ambazo si zao. Siku inafika ambapo hatua moja inawafaa wanahisa, nyingine inawafaa wafanyakazi, wateja au majirani wa kiwanda, na haiwezekani kuwaridhisha wote. Wamfuate nani? Upande wa ukuu wa wanahisa unasema wamfuate aliyeweka mtaji, kwa kuwa ndiye aliyewaajiri na ndiye anayelipwa mwisho baada ya wengine wote kuchukua chao. Upande wa wajibu kwa jamii unasema kampuni hutumia na kugusa mengi zaidi ya mtaji, kwa hiyo wakurugenzi wana deni pia kwa wadau wengine.

Wanasheria wa Marekani Adolf Berle na Merrick Dodd walibishana juu ya jambo hili tangu 1931 na 1932. Hofu ya Berle bado ndiyo hoja kali kuliko zote: mkurugenzi akiambiwa anawajibika kwa kila mtu, hatawajibika kwa yeyote.

2. Ukuu wa wanahisa maana yake kampuni ifanye lolote ilimradi ipate faida?

Hapana, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Milton Friedman, mchumi anayetajwa kuliko wote upande huu, aliandika katika jarida la gazeti la New York Times mnamo Septemba 1970 kwamba mameneja wawatafutie wenye kampuni faida huku wakifuata kanuni za msingi za jamii, zile za sheria na zile za desturi za kimaadili. Ulaghai na udanganyifu aliukataza waziwazi.

Kwa hiyo mfano wa kampuni iliyoficha sumu katika bidhaa yake haumgusi. Atakujibu kwamba kampuni hiyo imevunja hata kanuni zake yeye. Mfano unaombana ni ule ambao hakuna sheria iliyovunjwa wala uongo uliosemwa, na bado kuna mtu anaumia. Tutaurudia mfano wa namna hiyo katika swali la 9.

3. Kampuni ikijenga zahanati au kutoa misaada, si tayari imethibitisha wajibu kwa jamii?

Inategemea kwa nini imetoa. Tenganisha mambo matatu ambayo watu huyafunga kamba moja. La kwanza ni kutii sheria: kulipa kodi, kutotupa taka mahali palipokatazwa. La pili ni wema unaorudisha faida, kama kampuni inayowasomesha mafundi ambao kesho itawaajiri. La tatu ni kutoa kitu ambacho wakurugenzi wenyewe wanajua hakitarudi.

Mawili ya mwanzo pande zote zinayakubali. Friedman mwenyewe alisema matumizi ya aina ya pili yanaweza kuwa na manufaa ya muda mrefu kwa kampuni; kilichomkera ni kuyapaka rangi ya hisani. Ni aina ya tatu peke yake inayoupima ubishi. Mwanafunzi akiniletea mifano mitano ya aina ya pili, ameonyesha kwamba wema unalipa. Hajaonyesha kwamba kampuni ina wajibu pale usipolipa.

4. Je, sheria inawalazimisha wakurugenzi kukuza faida kadiri iwezekanavyo?

Kwa maneno hayo hasa, hapana. Uingereza, kifungu cha 172 cha Sheria ya Kampuni ya mwaka 2006 kinamtaka mkurugenzi akuze mafanikio ya kampuni kwa manufaa ya wanahisa wake kwa ujumla, huku akizingatia wafanyakazi, wateja, wauzaji, jamii na mazingira. Ukisoma polepole utaona kwamba wanahisa ndio lengo, na wengine ni wa kuzingatiwa. Marekani, mahakama kwa kawaida hazimpimi mkurugenzi kwa matokeo. Maadamu aliamua kwa nia njema, akiwa na taarifa za kutosha na bila maslahi binafsi, jaji hatamfundisha biashara.

Usiandike basi kwamba sheria inalazimisha uchoyo, wala kwamba sheria haina habari na wanahisa. Namna hasa mahakama inavyolishika jambo hili utaiona katika maswali ya 5 na 6.

## Kesi moja ya kuijua vizuri

5. Kwa nini kila mahali inatajwa kesi ya ndugu Dodge dhidi ya Ford?

Kwa sababu ni nadra mkuu wa kampuni kusimama mahakamani na kutamka kwa kinywa chake kwamba faida si lengo lake kuu.

Mwaka 1916 kampuni ya magari ya Ford, huko Michigan, ilikuwa imejaa fedha. Faida ya mwaka ulioishia Julai ilikaribia dola milioni 60, na ziada iliyolimbikizwa ilifika kama dola milioni 112. Henry Ford alikuwa na asilimia 58 ya hisa. John na Horace Dodge walikuwa na asilimia 10. Kwa miaka kadhaa kampuni ilikuwa ikitoa magawio maalumu makubwa juu ya lile la kawaida. Ford akatangaza kwamba hayo yamekwisha. Gawio la kawaida lingebaki, dola milioni 1.2 kwa mwaka, na zilizosalia zirudi kwenye biashara: kupanua viwanda, kujenga tanuri za kuyeyusha chuma, na kushusha bei ya gari kutoka dola 440 hadi dola 360. Magari yalikuwa yakiuzika yote kwa bei ya zamani.

Ndugu Dodge walishtaki. Alipobanwa na wakili wao aeleze kampuni ipo kwa ajili ya nini kama si faida, Ford alijibu kwamba ipo ili kutenda mema kadiri iwezekanavyo kwa kila anayehusika, na kupata fedha ni jambo linalokuja njiani.

Kuna kipande ambacho wanaomsifu Ford hukiruka. Ndugu Dodge walikuwa wameanza kutengeneza magari yao wenyewe mwaka 1914, na fedha za Ford ndizo zilizowapa nguvu. Kumnyima mshindani gawio kunaweza kuvaa vazi la hisani vizuri kabisa.

6. Mahakama iliamua nini?

Mahakama ya Juu ya Michigan ilitoa hukumu mwaka 1919, nayo ina sehemu mbili. Wanafunzi wengi wanaijua moja.

Sehemu ya kwanza iliamuru Ford alipe gawio maalumu la takriban dola milioni 19.3. Mahakama ilisema kampuni ya biashara huundwa na kuendeshwa hasa kwa faida ya wanahisa, na kwamba wakurugenzi wana uhuru wa kuchagua njia ya kufikia lengo hilo, si wa kubadili lengo lenyewe.

Sehemu ya pili ilikataa kuzuia upanuzi wa viwanda. Majaji walisema wao si wataalamu wa biashara, na mipango ya kampuni iliyofanikiwa namna ile hawataigusa. Yaani Ford alishindwa kwenye gawio, akashinda kwenye tanuri.

Piga hesabu uone jinsi ushindi ulivyogawanyika. Kwa asilimia 10, ndugu Dodge walipata kama dola milioni 1.9. Kwa asilimia 58, Ford alipata zaidi ya dola milioni 11 kutoka kwenye amri iliyotolewa dhidi yake.

7. Sasa kesi hii ni ya upande gani? Naona kila mtu anaitumia.

Inatumika na wote kwa sababu ina kamba mbili. Mtetezi wa wanahisa anashika maneno kuhusu lengo la kampuni. Mpinzani wake anashika sehemu ya pili: mradi mkurugenzi anaweza kuhusisha hatua yake na faida ya baadaye, jaji atamwacha. Ford angesema tu kwamba bei ndogo italeta wanunuzi wengi na faida kubwa kesho, jambo ambalo lilikuwa na mantiki kamili, yumkini angeachwa. Ulimi wake ndio uliomponza.

Mimi naisoma hivi. Kesi inaonyesha kwamba sheria inadai *sababu* inayohusu wanahisa, na sababu hiyo ni rahisi kuipata. Basi kanuni ni kali kwa maneno na legevu kwa vitendo. Pia inahusu mgogoro wa mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache, kwa hiyo usiibebeshe mzigo wote wa kampuni kubwa ambayo hisa zake zimetawanyika kwa maelfu ya watu. Tena ni hukumu ya jimbo moja. Ukiandika kwamba ndiyo sheria ya dunia, msahihishaji ataizungushia kalamu.

## Kujenga insha

8. Msimamo wangu niuandikeje?

Msimamo mzuri unasema nani, afanye nini, katika hali gani, na unaishia wapi. Huu hapa ulikuwa kwenye insha niliyosahihisha, nimeubadili kidogo:

> Kampuni zinapaswa kutafuta faida lakini pia zijali jamii.

Hakuna wa kuupinga, kwa hiyo hakuna cha kuutetea. Neno "pia" ndilo linalouharibu, maana linaruka pale pale ambapo mambo mawili yanagongana. Nilimwomba mwandishi ajibu maswali matatu pembeni mwa karatasi. Nani ataumia kampuni isipojali? Kampuni ndiyo iliyosababisha maumivu hayo? Ingekuwaje kama kujali kunapunguza faida bila kurudisha chochote? Baada ya saa moja alirudi na hii:

> Wakurugenzi wa kampuni yenye wanahisa wengi wanapaswa kukubali faida pungufu ili kuzuia madhara ambayo kampuni yao yenyewe inayasababisha, hata kama sheria haijawalazimisha. Lakini hawana ruhusa ya kutumia fedha za wanahisa kwa mema mengine wanayoyapenda wao.

Sasa kuna kitu cha kubishania. Anayemtetea Friedman ataukataa nusu ya kwanza, na mpenda misaada ataukataa nusu ya pili.

9. Mpangilio wa aya uweje?

Tuchukue msimamo wa swali la 8 na insha ya maneno kama 1,500. Utangulizi uwe mfupi, maneno 150 hivi: mgongano, kisha msimamo. Usianze na historia ya biashara tangu enzi na enzi. Aya inayofuata inafafanua maneno mawili tu yanayobeba hoja, "wanapaswa" na "madhara". Madhara hapa ni hasara anayobebeshwa mtu ambaye hakukubali kuibeba. Jirani wa kiwanda hakusaini mkataba wowote.

Kisha hoja ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, maneno 400 au zaidi. Hapa unaleta mfano unaombana Friedman. Yeye mwenyewe aliutoa: kampuni kutumia fedha kupunguza uchafuzi kupita kiwango kinachotakiwa na sheria au kinachoifaa kampuni. Aliona huko ni kutoza kodi bila kuchaguliwa na mtu. Jibu lako linaweza kuwa hili: kiwanda kinachotoa moshi ulioruhusiwa kinamhamishia jirani sehemu ya gharama zake, na faida inayopatikana kwa njia hiyo ina sehemu ambayo haikuwa ya wanahisa tangu mwanzo. Kuweka chujio basi ni kuacha kuchukua. Si kugawa cha mwenzako.

Hoja ya pili inatetea nusu ya pili ya msimamo, na ndipo Ford anapoingia. Kuuza gari kwa dola 360 badala ya 440 hakukuzuia madhara yoyote. Aliyekosa gari hakudhuriwa na kampuni. Kwa kipimo chako, Ford anashindwa. Wengi hushangaa insha inayotetea wajibu kwa jamii ikimwacha Ford aanguke, na mshangao huo ndio unaomfanya msomaji aamini kwamba una kipimo na hushabikii tu. Baada ya hapo pingamizi (swali la 11), halafu hitimisho (swali la 12).

10. Aya moja ya hoja inaonekanaje ikikamilika?

Hii ni ya kuonyesha jinsi ushahidi unavyofungwa kwenye dai:

> Uhuru wa wakurugenzi kutenda mema una ukomo pale mema hayo yasipohusiana na madhara ya kampuni. Mwaka 1916 Henry Ford alizuia magawio maalumu akitaka, pamoja na mengine, kushusha bei ya gari ambalo tayari lilikuwa likinunuliwa lote. Nia ingeweza kuwa nzuri, lakini wanunuzi hao hawakuwa wamedhulumiwa. Ford alikuwa akichagua, kwa fedha ambazo sehemu yake ni ya wengine, nani anufaike. Na kwa kuwa miongoni mwa walionyimwa walikuwemo washindani wake, hakuna namna ya kujua kama aliongozwa na hisani au ushindani. Hatari ya kuruhusu wema usio na kipimo ni hiyo: unamficha anayejitafutia chake.

Dai limetangulia, tukio likafuata, kisha maelezo ya kwa nini tukio linathibitisha dai. Sentensi ya mwisho haimo kwenye hukumu. Ni ya mwandishi. Aya isipokuwa na sentensi kama hiyo huwa ni muhtasari wa kitabu.

11. Pingamizi niliweke wapi, na liwe kali kiasi gani?

Liweke baada ya hoja zako, na liwe kali hadi ujisikie vibaya kidogo unapoliandika. Kwa msimamo wetu, lenye nguvu zaidi limetoka kwa mchumi Michael Jensen: kumwambia meneja akuze vitu viwili kwa pamoja ni kumwacha bila lengo, kwa kuwa hana namna ya kuamua ni kiasi gani cha kimoja kitolewe kwa ajili ya kingine. Kila akishindwa kwenye faida atasema alikuwa akihudumia jamii.

Usilijibu kwa kusema "hata hivyo, jamii ni muhimu". Hilo si jibu. Jibu linalotoka ndani ya msimamo wetu ni kwamba hatumpi meneja lengo la pili, tunamwekea mpaka. Dereva anayewahi safari na asiyetakiwa kugonga watu hana malengo mawili yanayomchanganya. Kisha kubali kinachobaki: kuzuia madhara yote kungefunga viwanda vyote, kwa hiyo lazima kuwe na kiwango, na kukipanga si rahisi. Kukiri hapo hakukupunguzii kitu. Kujifanya hukuona ndiko kunakopunguza.

12. Hitimisho lisemeje bila kurudia utangulizi?

Liseme kitu kinachofuata iwapo hoja yako ni sahihi. Kwa mfano: ripoti za kampuni zinazohesabu misaada zinapima kitu kisicho chenyewe, na zingepaswa kuhesabu madhara yaliyopunguzwa. Sentensi tatu au nne zinatosha.

## Yale ya pembeni

13. Naweza kutumia tamko la wakuu wa kampuni la mwaka 2019 kama ushahidi?

Agosti 2019 wakuu 181 wa kampuni kubwa za Marekani, katika jumuiya ya Business Roundtable, walisaini tamko kwamba wanawajibika kwa wadau wote. Tamko la jumuiya hiyo hiyo la mwaka 1997 lilikuwa limewaweka wanahisa mbele. Ni ushahidi mzuri kwamba *lugha* imebadilika. Si ushahidi kwamba vitendo vimebadilika, wala kwamba vilipaswa kubadilika. Mtetezi wa ukuu wa wanahisa ataligeuza kirahisi na kukurudishia hofu ya Berle iliyo katika swali la 1.

14. Na kama wanahisa wenyewe wanataka kampuni itende mema?

Basi ubishi mwingi unayeyuka, kwa sababu anayetoa ndiye mwenye mali. Friedman hana tatizo na mwenye kampuni pekee anayetumia fedha zake atakavyo. Ugumu unabaki pale wanahisa wanapotofautiana.

Kuna pia kampuni zilizoandikishwa tangu mwanzo kwa malengo mawili, faida na manufaa ya jamii. Jimbo la Maryland lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2010, na Delaware ikafuata 2013. Anayenunua hisa humo anajua anachonunua, kwa hiyo nusu ya pili ya msimamo wa swali la 8 haimhusu. Ndiyo maana nashauri insha itaje mapema, katika sentensi moja ya ufafanuzi, kwamba inazungumzia kampuni za kawaida. Ukiisahau sentensi hiyo, mpinzani atazitumia kampuni hizi kukuvunjia hoja ambayo hukukusudia kuitoa.